Barua Moja Isiyo na Sahihi

Mama mdogo alikuwa na sivi ya kurasa tatu, na mimi ndiye niliyemwandikia. Nilikuwa mwaka wa kwanza, nimetoka kujifunza kutumia kompyuta ya maktaba, nikajiona fundi. Nikamjazia maneno yote niliyoyaona kwenye sivi za watu: mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma, anayeweza kufanya kazi na mtu yeyote bila kusimamiwa. Akaomba kazi mara mbili kwa sivi ile. Mara ya kwanza hakuitwa. Mara ya pili aliitwa kwenye usaili, akaulizwa swali moja ambalo mpaka leo akilikumbuka anatikisa kichwa: "Umeandika wewe ni mwaminifu na unatunza kumbukumbu vizuri. Sisi tutajuaje?"

Akajibu, "Nafanya kazi zote za ofisi." Anasema wale watu walitabasamu kwa upole, na alipouona ule upole tu akajua kazi imekwenda.

Naandika haya kwa ajili yetu sisi tunaorudi likizo tukakuta nyumbani kuna mtu anahitaji kuandikiwa barua ya kazi, na pia kwa ajili yetu wenyewe, maana muda si mrefu na sisi tutaulizwa hilo hilo. Mama mdogo ni msaidizi wa ofisi. Kwa miaka sita amekaa kwenye meza iliyo mlangoni mwa ofisi ya mkuu wa shule, shule moja ya sekondari huku Nachingwea. Anapokea barua, anazigawa, anachapa, anapokea wageni, anatafuta mafaili, anapanga vikao, anaagiza karatasi kabla hazijaisha. Mwaka jana mwishoni aliambiwa kwamba mkataba wake ukiisha hautaongezwa. Huyu ndiye anayeniongezea pale bumu linapokata, na ana mtoto kidato cha pili. Kwa hiyo tangazo la nafasi ya msaidizi wa utawala kwenye ofisi moja kule Ruangwa lilipotokea, nyumbani halikusomwa kama habari ya kawaida.

Nilipofika likizo ndefu akanipa ile sivi yangu ya zamani, akasema, "Mwalimu, hii karatasi yako haina mtu ndani."

Alikuwa na haki. Tatizo la kazi kama yake ni kwamba ikifanyika vizuri haionekani. Mwalimu wa hisabati ana matokeo ya kidato cha nne. Dereva ana kilomita. Mkulima wa korosho ana kilo. Msaidizi wa ofisi barua ikifika kwa wakati hakuna anayejua kwamba imefika kwa wakati, lakini ikipotea shule nzima inajua. Ukimwambia aandike mafanikio yake ataandika orodha ya majukumu, na majukumu yanasema tu alichotakiwa kufanya. Hayasemi kama alikifanya.

Jirani yetu ni mzee aliyestaafu baada ya miaka mingi kwenye masjala. Jioni moja nilikwenda kumwamkia nikiwa na ile karatasi mkononi. Akaisoma kwa miwani yake, akanirudishia, akaniuliza, "Wewe umekulia huku. Mtu akikwambia amepeleka gunia saba za korosho chama cha msingi, utamwambiaje?"

Nikasema, "Nitamwambia anioneshe stakabadhi, babu."

"Basi. Na mama yako mdogo stakabadhi zake ziko wapi?"

Huku kwetu hilo halihitaji maelezo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye korosho mwaka 2007, kila mtoto wa Nachingwea na Ruangwa anajua kwamba korosho isiyopimwa na kuandikiwa karatasi ni maneno. Nikamjibu mzee kwamba mama mdogo hapimi kitu, kazi yake haina kilo. Akacheka. "Ina sahihi," akasema. "Muulize kitabu cha dispachi."

Nilikuwa sijui kama kile kitabu ni ushahidi. Nilikuwa nakiona kama daftari la kumsumbua mtu akitaka kupokea barua yake. Kumbe ofisi ya namna ile ina rejesta mbili zinazosema mambo tofauti. Ya kwanza ni ya barua zinazoingia: barua ikifika inagongwa muhuri wa tarehe, inapewa namba, inaandikwa imetoka kwa nani, inahusu nini, na imewekwa kwenye jalada gani. Ya pili ni dispachi: nani amekabidhiwa, tarehe gani, na sahihi yake. Ukizisoma pamoja, kila barua ina tarehe mbili. Moja ni ya kuingia mlangoni, nyingine ni ya kufika mkononi mwa mhusika. Umbali kati ya tarehe hizo ndio kilo za mama mdogo. Miaka sita alikuwa anaandika ushahidi wake mwenyewe bila kujua.

Mimi kwa haraka zangu nikasema tuhesabu mwaka mzima. Yeye akasema hana muda huo, na tena rejesta haitoki ofisini. Mzee ndiye aliyetupa njia. Akasema tuchague wiki chache, ila tuzichague *kabla* ya kufungua kitabu, tuandike kanuni yetu kwenye karatasi na tusiibadilishe. "Ukifungua kwanza," akasema, "mkono wako utakwenda kwenye wiki nzuri wenyewe, hata kama wewe si mwongo."

Tukakubaliana: wiki ya pili ya kila mwezi wa mwaka uliopita ambao shule ilikuwa imefunguliwa, kuanzia Januari mpaka Novemba, tukiruka Juni. Ni wiki 10. Halafu tukaandika na maana ya kuchelewa: barua ni ya wakati kama mhusika amesaini siku ile ile au siku ya kazi inayofuata. Hilo nalo tuliliandika kabla. Wenzangu wa elimu mnajua kwa nini. Ukisahihisha mtihani kwanza ndipo uandike mwongozo wa usahihishaji, unajua tayari unataka nani afaulu.

Mama mdogo akaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, akapewa, kwa sharti kwamba hakuna karatasi itakayotoka na hakuna jina litakaloandikwa. Sharti zuri. Kwenye rejesta ile kuna barua za nidhamu za wanafunzi, za ugonjwa, za madeni ya ada, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mtu anayekwenda kuomba kazi ya kutunza siri akiwa na kivuli cha barua ya mtoto wa watu mkobani amekwisha jikosesha kazi kabla hajakaa. Kwa hiyo Jumamosi ile mimi sikugusa kitabu. Nilikaa upande wa pili wa meza na karatasi nyeupe, yeye akawa anasoma tarehe mbili tu, "tatu, tatu, tatu, nne, nne, nne," na mimi napiga vijiti.

Tulipata barua 64. Kati ya hizo 51 zilisainiwa siku ile ile au siku ya kazi iliyofuata. Nyingine 9 zilichukua siku mbili au tatu. Zilizopita siku tatu zilikuwa 3. Inabaki 1, nayo ilikuwa imeingia kwenye rejesta lakini kwenye dispachi hakuna sahihi kabisa.

Hapo ndipo tulipogombana kidogo.

Mimi nilitaka ile moja tuiache nje. Nikasema tuandike barua 63, nani atajua? Na kuhusu zile 3 nilikuwa na hoja kabisa. Moja ilikuwa ya mhasibu, na mhasibu alikuwa mafunzoni siku 9. Barua ilimsubiri mezani, kosa si la mama mdogo. Mbili zilikuwa za Agosti, wiki ambayo yeye alikuwa Liwale anamuuguza bibi. Ukiziondoa zote unabaki na 60, na hakuna hata moja iliyopita siku tatu. Nikaandika kabisa kwenye karatasi: "Hakuna barua iliyochelewa wala kupotea." Sentensi ilikuwa nzuri sana, nikaipenda.

Mama mdogo akaisoma. Akaniuliza, "Aliyesema tutajuaje, hapa atajuaje?"

Nikanyamaza.

"Mwanangu, mtu mzima akisikia hakuna hata moja, anaanza kutafuta. Na akikuta shimo moja ambalo hukulitaja, ataona na mashimo ambayo hayapo. Iache ile moja."

Tulirudi kwa mzee kumaliza ugomvi. Yeye akatufundisha jambo ambalo nimeliona baadaye kwenye somo la upimaji kwa maneno makubwa zaidi. Akasema kitabu cha dispachi kinapima siku ambayo mhusika amepokea. Hakipimi siku ambayo msaidizi amejaribu kumpa. Hicho ni kipimo chenye upungufu, lakini ndicho mlichokichagua. Ukianza kutoa barua moja moja kwa sababu una maelezo, kesho utakuwa na maelezo kwa zote. Zihesabu zote, halafu maelezo yaandike pembeni. Msomaji aone namba kwanza, sababu baadaye, aamue mwenyewe.

Kuhusu ile moja alisema kitu kingine. Enzi zake kwenye masjala kila karatasi ndani ya jalada ilipewa namba yake ya folio kwa mfululizo, 1, 2, 3, kwenda mbele. Ukifungua jalada ukakuta 14 kisha 16, unajua kuna 15 na haipo. Ile namba inayorukwa ndiyo inayofanya nyingine ziaminike. Jalada lisilo na folio linaonekana limekamilika siku zote, hata likiwa limeibiwa nusu. "Sasa wewe," akaniambia mimi, "unataka kumfuta folio 15 ili jalada lipendeze."

Nikaifuta sentensi yangu nzuri.

Tulichokuwa nacho mpaka hapo kilionesha uthabiti: kazi inafika, na inafika kwa kiasi gani. Lakini kilikuwa hakioneshi ukubwa wa kazi. Barua 64 kwa wiki 10 ni sita na kitu kwa wiki. Mtu wa Ruangwa angeweza kusema kwa haki kabisa, "Barua sita kwa wiki, muda uliobaki ulikuwa unafanya nini?" Nami nikakumbuka jedwali la utahini. Wanaosoma elimu hapa hawahitaji kuelezwa. Huwezi kutunga mtihani kwa mada moja kwa sababu ndiyo rahisi kutungia maswali. Unachora jedwali, unaorodhesha mada zote, ndipo unagawa. Sisi tulikuwa tumempima mama mdogo kwa mada iliyokuwa na daftari tu.

Tukachora jedwali. Upande mmoja kazi zake, upande wa pili, "hii imeacha alama wapi?" Barua zina rejesta. Vikao vina mihtasari yenye tarehe. Karatasi na wino vina leja ya stoo. Lakini kazi iliyokula siku yake zaidi ilikuwa haina alama popote. Nayo ni watu wanaofika mezani: mzazi anayeuliza salio la ada, mwalimu anayetaka faili, mwanafunzi anayetaka barua ya utambulisho, mtu wa halmashauri aliyemkosa mkuu. Kitabu cha wageni kinaandika wanaoingia kwa mkuu. Anayeishia mezani kwa mama mdogo haandikwi, kwa sababu ameshahudumiwa.

Kwa kazi isiyo na kumbukumbu huwezi kurudi nyuma. Ukijaribu kukumbuka utaongeza chumvi bila kukusudia. Unaweza tu kuanza leo. Akaweka karatasi chini ya kioo cha meza, na kwa siku 10 za kazi akapiga kijiti kwa kila mtu aliyefika: mzazi, mwalimu, mwanafunzi, mwingine. Kijiti kikizungushiwa duara maana yake huyo ilibidi aende kwa mkuu. Hakuna jina, hakuna shida ya mtu. Kijiti kinachukua muda wa kupepesa macho, na hilo ni muhimu, maana daftari linalohitaji maelezo marefu litaachwa siku ya pili.

Siku 10 zikatoa watu 118. Walimu 52, wazazi 41, wanafunzi 19, wengine 6. Wenye duara walikuwa 21. Kwa hiyo watu 97 walifika na shida wakaondoka na jibu bila kumwona mkuu. Mimi nilipoiona namba hiyo ndipo nilipomwelewa mama mdogo anaporudi jioni akasema amechoka na sisi tunamwuliza amechoka kwa kukaa. Siku 10 za Agosti si mwaka, na tuliandika hivyo hivyo chini ya namba: ni siku 10, za mwezi mmoja, nje ya msimu wa kusajili watahiniwa. Lakini tayari swali la barua sita lilikuwa limepata jibu.

Likabaki jambo la Liwale. Mimi nilikuwa naliona kama doa, wiki ambayo hakuwepo na barua mbili zikachelewa. Nilipotazama tena vijiti vyetu nikaona wiki ile ilikuwa na barua 6. Nne zilifika kwa wakati. Nikamwuliza zilifikaje na yeye hakuwepo. Akashangaa kwamba nauliza. Kabla hajaondoka aliandika ukurasa mmoja akamwachia mwalimu wa zamu: muhuri uko wapi, barua ikiingia ifanywe nini, nani apewe zipi, zipi zisifunguliwe kabisa, na namba yake ya simu. Ukurasa ule ulikuwa bado umebandikwa ndani ya mlango wa kabati.

Hapa niligeuza fikra. Nilikuwa nimezoea kusikia watu wakijisifu kwamba "nisipokuwepo ofisi inasimama." Wanadhani huo ni ushahidi wa umuhimu wao. Ukifikiri kama mwajiri ni tishio. Ofisi inayosimama kwa sababu mtu mmoja anauguza mama yake imetunzwa vibaya, na aliyeitunza ni huyo anayejisifu. Nne kati ya sita bila yeye kuwepo, kwa ukurasa mmoja, ni ushahidi wa kutegemeka kuliko wiki zile alizokuwepo. Na mbili zilizochelewa zinaonesha ukurasa ulipopungua. Zote mbili zilikuwa za mtu asiyetajwa kwenye ukurasa ule. Aliporudi aliongeza mstari.

Tukaandika upya. Sivi ikashuka kutoka kurasa tatu hadi moja na nusu. Maneno ya mchapakazi na mwaminifu yakatoka yote. Badala yake kuna mstari huu kuhusu barua, nauandika kama ulivyo:

"Nimepokea na kugawa barua za ofisi ya mkuu wa shule. Katika wiki 10 zilizochaguliwa kabla ya kuhesabu, barua 51 kati ya 64 zilisainiwa na mhusika siku hiyo au siku ya kazi iliyofuata; 9 kwa siku mbili au tatu; 3 zilizidi siku tatu; 1 haina sahihi. Maelezo yameambatishwa. Rejesta ipo ofisini na mkuu wa shule ameridhia kuulizwa."

Kiambatisho kilikuwa ukurasa mmoja: tulihesabuje, tuliita nini kuchelewa, zile 3 zilikuwaje, na nakala ya ukurasa wa makabidhiano wa Liwale baada ya kufuta majina. Kipande cha mwisho cha mstari, kile cha mkuu wa shule kuulizwa, tulikipigania. Namba unazozihesabu mwenyewe kuhusu wewe mwenyewe zina uzito mdogo mpaka awepo mtu mwingine anayeweza kufungua kitabu kile kile akapata kile kile.

Kuna mambo tuliyoyaacha nje kwa makusudi. Shule ilifanya vizuri kidato cha nne mwaka ule, na mimi nilitaka kuiingiza. Mama mdogo akakataa: yeye hakufundisha. Alichapa taarifa za usajili wa watahiniwa, na mwalimu wa taaluma ndiye aliyezihakiki. Kwa hiyo kwenye usajili tuliandika "nilichapa" na si "nilisimamia". Kitenzi kimoja tu, lakini kwenye usaili ni kitenzi hicho watakachokivuta.

Siku ya usaili tulipanda gari asubuhi pamoja kwenda Ruangwa, mimi nikiwa mbeba mkoba. Ruangwa ya sasa si ile niliyokuwa naisikia utotoni. Kuna uchimbaji wa madini ya kinywe, kuna uwanja wa mpira na Namungo yake, kuna ofisi ambazo zamani ungezifuata Lindi au Mtwara. Nikabaki nje chini ya mwembe. Alikaa ndani kama dakika 40.

Alichoniambia wakati wa kurudi ni hiki. Walikuwa watatu. Aliyekaa katikati alisoma sivi kimya, akafungua kiambatisho, akaweka kidole. "Hii moja isiyo na sahihi, ilikuwaje?"

Akajibu kwamba alimpa mwalimu kwenye korido akiwa anakimbilia darasani, akasema atasaini baadaye, na baadaye haikufika. Barua yenyewe ilishughulikiwa, lakini yeye hana cha kuonesha, ndiyo maana ameihesabu kama isiyojulikana. Tangu hapo barua haitoki mezani kwake bila kitabu, hata mkuu mwenyewe anasaini. Yule bwana akaandika kitu.

Wa pili alimbana zaidi: "Hapa kwetu barua za karatasi ni chache, mambo mengi yanakuja kwa barua pepe. Hizi 64 zako zinatusaidia nini?" Hilo hatukuwa tumelifikiria. Akasema, "Zinaonesha kwamba nahesabu. Kwenye barua pepe saa ya kuingia na saa ya kujibiwa zinajiandika zenyewe. Mkinipa sanduku la ofisi, baada ya miezi mitatu naweza kuwaletea hesabu kama hii."

Wa tatu hakuuliza namba yoyote. Alitaka kujua kuhusu ukurasa wa Liwale, mstari kwa mstari.

Wiki tatu baadaye akapigiwa simu. Amepata, kwa miezi sita ya majaribio kwanza. Sasa anaishi Ruangwa siku za kazi, Nachingwea anarudi mwisho wa wiki, na tayari ana daftari jipya.

Ningependa kumalizia kwa kusema karatasi yetu ndiyo iliyompa kazi. Lakini ningeulizwa na yeye huyo huyo: umejuaje? Alijaribu mara mbili kwa sivi ya zamani na mara moja kwa mpya, kwa ofisi tatu tofauti, na hao waombaji wengine sijui walikuwa na nini. Huo si ushahidi wa kutosha hata kwa zoezi la semina. Ninachoweza kusema bila kuongeza chumvi ni kwamba mara ya kwanza aliulizwa "tutajuaje" akakosa cha kuonesha, na mara hii aliulizwa kuhusu barua moja kati ya 64, na jibu alikuwa nalo.

Mzee wa masjala nilimpelekea habari. Akasema "Alhamdulillahi," kisha akaniuliza kama nami nimeanza kuandika yangu. Nilikuwa nimemaliza mazoezi ya kufundisha, wiki nane, na kwenye sivi yangu nilikuwa nimeandika kwamba nina uwezo mkubwa wa kumudu darasa. Nikamwambia bado, babu. Jioni ile nikaenda kutafuta maandalio yangu ya somo nione yameacha alama gani.

*Mwandishi ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya elimu.*